Salfa kwa Ngozi ya Mafuta: Harufu Yake, Nguvu Yake na Namna ya Kuichagua



Wiki tatu kabla ya harusi ya binti yake, mama mmoja wa Kisauni, msomaji wetu wa siku nyingi, alitujia akiwa na mfuko mdogo wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na kipande cha sabuni ya manjano kilichokwisha nusu, kopo la barakoa ya udongo ya kupaka usoni, na pete ya fedha iliyogeuka nyeusi kama kaa. Binti mwenyewe, mwenye umri wa miaka 22, aliketi kando ya mamake, mtandio ameuvuta hadi chini ya macho. Alipoufungua tuliona sababu. Pembeni mwa pua na kuzunguka mdomo ngozi ilikuwa inabambuka kwa magamba meupe, mashavu yamewiva, na juu ya paji la uso mafuta bado yaking'aa.

Binti huyu ana ngozi ya mafuta tangu alipobalehe, na chunusi ndogo ndogo za kidevuni hazimwishi. Kwa kuwa harusi ilikaribia, alikwenda dukani akanunua sabuni ya salfa ya 10% na barakoa ya salfa ya 10%. Sabuni aliitumia kila alipotawadha, yaani mara tano kwa siku. Barakoa aliipaka kila usiku, akaiacha ikauke hadi ipasuke, akiamini kuwa ikikaa zaidi ndivyo itakavyofanya kazi zaidi. Siku ya tisa, maji matupu ya udhu yalipomgusa usoni yalimchoma.

Mama alikuwa na maswali matatu. Je, harufu ile kali ya yai viza ni dalili kwamba bidhaa ina nguvu kupita kiasi? Je, ni mzio, kwa kuwa binti yake aliwahi kukatazwa dawa za salfa hospitalini? Na je, watupe vitu hivi vyote, au kuna namna ya kuchagua kilicho bora? Tumeona majibu yake yawafae wengi, kwani sabuni na barakoa hizi zimejaa madukani kwetu, na joto la pwani halimpi nafuu mwenye uso wa mafuta.

Kwanza tukijue chenyewe. Salfa ni madini ya manjano ambayo wazee wetu waliyaita kiberiti, jina lililotoka katika Kiarabu na ambalo baadaye lilipewa njiti za kuwashia moto. Ikipakwa juu ya ngozi hufanya mambo matatu. Hulegeza chembe zilizokufa za tabaka la juu, zikabanduka badala ya kuziba vitundu vya ngozi. Hukausha mafuta yaliyotanda juu ya uso. Tena hupunguza kwa kiasi fulani vijidudu vinavyostawi ndani ya vitundu vilivyoziba. Kwa hiyo huwafaa wenye vichunusi vyeusi, vichunusi vyeupe na chunusi nyepesi zisizo na mizizi mirefu.

Lakini kuna jambo ambalo haifanyi, nalo ndilo lililompotosha binti wetu. Salfa haizuii tezi kutengeneza mafuta. Tezi zimo ndani ya ngozi, na salfa hufanya kazi juu. Ukikausha uso asubuhi, mafuta yatarudi kabla ya adhuhuri, si kwa sababu bidhaa ni dhaifu bali kwa sababu tezi zinaendelea na kazi yake. Anayeyakimbiza kwa kuosha tena na tena huishia kuwa na ngozi iliyokauka na kupasuka juu, huku mafuta yakiendelea kutoka chini. Ndiyo maana uso wa binti ulikuwa unabambuka na kung'aa kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye nguvu. Watu wengi hutazama asilimia iliyoandikwa juu ya pakiti wakadhani wamekwisha kujua kila kitu. Asilimia ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni muda ambao salfa hukaa juu ya ngozi. Sabuni ya 10% huguswa na uso kwa nusu dakika kisha huondoka na maji, na salfa iliyo nyingi huteremka nayo shimoni. Barakoa ya 10% hukaa palepale dakika kumi nzima. Marhamu ya 10% hulala na mtu usiku kucha. Zote tatu zina namba moja, lakini ngozi huzihisi kama vitu vitatu tofauti kabisa.

Kipimo kinachosaidia ni hiki. Kanuni za Marekani kuhusu dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari huruhusu salfa kuanzia 3% hadi 10%. Basi kila ukiona 10%, elewa kwamba uko kwenye ukomo wa juu, wala si mahali pa kuanzia. Anayeanza, hasa kwa bidhaa ya kukaa usoni, ni bora atafute iliyo kati ya 3% na 5%. Na ikiwa pakiti imetaja salfa bila kutaja kiasi chake, iache dukani, kwa sababu huwezi kupanga muda wa kitu usichojua nguvu yake.

Tulikaa na binti tukamfanyia hesabu. Kopo la barakoa lilieleza kuwa ipakwe kwa dakika 10, mara mbili kwa wiki. Hizo ni dakika 20 kwa wiki. Yeye aliipaka kila usiku kwa dakika 40 hivi, yaani dakika 280 kwa wiki, mara kumi na nne ya kiasi kilichokusudiwa. Juu ya hizo aliongeza sabuni mara thelathini na tano. Hakuna kilichoharibika ndani ya kopo lile. Kilichozidi ni muda.

Tuliongeza jambo moja kuhusu udhu. Udhu ni maji, na maji matupu hayamkaushi mtu kama sabuni. Uso wa mafuta hutosheka na sabuni mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na nyakati nyingine zote maji yanatosha. Aidha, barakoa iliyokauka ni tabaka linalozuia maji yasifike kwenye ngozi, hivyo ni lazima iondolewe yote kabla ya kutawadha, hata kwenye nywele za mbele na kwenye nyusi. Wakati mwafaka wa kuipaka ni baada ya sala ya Isha, ambapo hakuna haraka ya kuiosha nusunusu.

Swali la harufu lilimtia mama wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa mawifi wa bi harusi walikuwa wameanza kuuliza. Salfa kavu yenyewe karibu haina harufu. Ile ya yai viza hutokea salfa inapokutana na protini za ngozi, ambapo kiasi kidogo chake hugeuka kuwa hewa ya haidrojeni salfaidi, hewa ile ile inayotoka katika yai lililooza. Pua ya mwanadamu huinasa hewa hiyo hata ikiwa chache mno. Kwa sababu hiyo ukali wa harufu si kipimo cha nguvu. Kuna barakoa ya 3% inayonuka kwa kuwa haikutiwa manukato, na kuna sabuni ya 10% inayonukia waridi kwa kuwa imetiwa manukato mengi. Ukichagua kwa pua utachagua vibaya kila mara.

Na manukato hayo yana gharama yake. Ngozi ambayo salfa imeilegeza tabaka la juu huchokozwa upesi na manukato, na wakati mwingine mwasho unaodhaniwa kuwa wa salfa hutoka kwenye manukato yaliyokusudiwa kuificha. Kwa uso, tunapendelea bidhaa isiyo na manukato au yenye machache, hata kama itanuka kwa dakika kumi. Harufu hupungua sana ukisuuza kwa maji mengi ya vuguvugu, hasa mpaka wa nywele, nyuma ya masikio na chini ya kidevu, mahali ambapo mabaki hujificha. Tenga taulo la zamani kwa kazi hiyo, na ubadilishe foronya mara kwa mara, kwani vitambaa huishika harufu kuliko ngozi. Usijaribu kuifukuza kwa kupaka attari usoni. Fukiza nguo zako udi upendavyo, lakini uso uache upumzike.

Pete nyeusi nayo ilikuwa na jibu jepesi. Salfa hushikamana na fedha ikatengeneza tando jeusi juu yake. Pete haikuoza, na sonara ataisafisha ikang'aa kama zamani. Lakini kabla ya kupaka, vua pete, bangili na vipuli vya fedha, na usivirudishe mpaka mikono iwe imeoshwa vizuri. Hata dhahabu iliyochanganywa na fedha au shaba nyingi huweza kufifia, kwa hiyo bi harusi asiyaweke mapambo yake karibu na kopo hilo.

Swali la mzio ndilo lenye uzito mkubwa, kwa sababu lugha yenyewe imetuchanganya. Hospitalini mtu akiambiwa asitumie dawa za salfa, kinachokusudiwa ni jamii ya dawa zinazoitwa sulfonamidi, kama septrini, ambazo ni misombo mikubwa iliyotengenezwa maabarani. Salfa ya kwenye sabuni ni elementi, yaani kiberiti chenyewe. Majina yanafanana lakini ni vitu tofauti, na mwenye mzio wa septrini si lazima awe na mzio wa kiberiti. Tahadhari iko mahali pamoja. Kuna dawa za kuoshea uso zinazochanganya salfa na sulfasetamidi, na hiyo sulfasetamidi ni miongoni mwa dawa zile za sulfonamidi. Aliyekatazwa dawa hizo asome viungo vyote nyuma ya pakiti, na akiona jina hilo airudishe bidhaa rafuni. Ikiwa mwili wake uliwahi kuvimba au kububujika malengelenge kwa sababu ya dawa hizo, amwonyeshe mfamasia pakiti kabla ya kuifungua.

Mzio na mchomo wa kukauka hutofautianaje? Mchomo huanza taratibu, siku kadhaa baada ya kutumia, na hukaa pale tu palipopakwa, kukiwa na ukavu na magamba. Mzio huwasha sana, huvimbisha, huleta vipele vidogo vya maji, na mara nyingine huvuka mpaka wa pale palipopakwa, kama vile kope kuvimba wakati macho hayakuguswa. Binti wetu hakuwa na uvimbe wala vipele vya maji. Wake ulikuwa mchomo. Lakini mtu akivimba midomo au akishikwa na pumzi, hapo si pa kungoja. Aende hospitalini mara moja.

Tulimshauri hivi. Aache sabuni na barakoa zote mbili hadi ngozi itulie, ambayo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili. Aoshe uso mara mbili kwa sabuni laini isiyo na dawa, asisugue kwa kitambaa, kisha apake mafuta mepesi ya maji yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Singo ya mwili aendelee nayo, lakini isipande usoni, kwani kusugua ngozi iliyochubuka ni kuidhuru mara mbili. Kwa rangi zetu hili si jambo dogo. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ikichokozwa huacha madoa meusi, na madoa hayo hudumu miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahaulika. Bi harusi aliyekuwa na chunusi tatu za kidevuni alikuwa karibu kupata madoa ya uso mzima.

Siku ya kumi mama alitupigia simu kwamba maji hayachomi tena na magamba yamekwisha. Binti alitaka kuanza upya siku ile ile. Tulimwomba angoje mpaka harusi ipite. Zikibaki siku chache kabla ya shughuli, hakuna jambo jipya linalofaa kuanzwa usoni. Baada ya fungate ndipo alipoanza, kwa utaratibu tunaowapa wasomaji wote.

Jaribu kwanza mahali padogo chini ya taya, usiku mmoja kisha mwingine, na utazame kwa siku mbili. Pasipowasha wala kuvimba, paka uso tabaka jembamba, mara moja kwa wiki, kwa dakika 5. Epuka macho, midomo na pembe za pua. Barakoa ya udongo ioshwe ingali na unyevunyevu, rangi yake ikianza kupauka pembezoni. Liwa ya bibi zetu iliachwa ikauke na haikudhuru, lakini liwa haina kiberiti. Wiki mbili zikipita salama, ongeza hadi dakika 10. Zikipita mbili nyingine, na ikiwa mafuta bado ni mengi, ongeza hadi mara mbili kwa wiki, na hapo usimame. Mng'ao wa mafuta hupungua siku ile ile, lakini chunusi huhitaji wiki sita hadi nane ndipo zihukumiwe.

Je, kati ya sabuni na barakoa kipi kinunuliwe? Kwa uso, twaona barakoa ni bora, kwa sababu muda wake unaupanga mwenyewe, na siku zisizo zake uso hupumzika. Sabuni inafaa zaidi mgongoni na kifuani, ambapo ngozi ni nene, jasho la chini ya buibui hukaa, na mkono haufiki kupaka barakoa. Hapo povu la sabuni ya 5% hadi 10% liachwe dakika moja au mbili kabla ya kusuuza, siku moja baada ya siku. Usitumie vyote viwili mahali pamoja. Na ukisoma viungo, tazama salfa imeandamana na nani. Ikiwa imechanganywa na asidi ya salisiliki, nguvu ya kukausha huongezeka, kwa hiyo punguza siku. Ikiwa tayari unatumia benzoili peroksidi au tretinoini uliyopewa na daktari, usiongeze salfa bila kumwuliza. Jina la salfa kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi f au kwa ph, na ni kitu kimoja.

Kuna wanaotaka kuepuka gharama kwa kununua unga wa kiberiti sokoni na kuuchanganya nyumbani. Tafadhali msifanye. Unga unaouzwa kwa ajili ya mimea huenda umetiwa vitu vingine visivyokusudiwa ngozi. Na hata ungekuwa safi, kipimo cha kijiko kinadanganya. Barakoa ya 10% ni gramu 10 za salfa katika gramu 100 za mchanganyiko. Kijiko kimoja cha salfa kwa kijiko kimoja cha udongo ni karibu nusu kwa nusu, mara tano ya ukomo tulioutaja. Wanaoongeza maji ya ndimu wanazidisha hatari, kwani ndimu ikikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha madoa.

Mwisho, salfa ina mipaka yake. Uvimbe mkubwa wenye maumivu ulio ndani ya ngozi, chunusi zinazoacha mashimo, au chunusi zilizoanza ghafla pamoja na hedhi kuvurugika na nywele kuota kidevuni, hizo si kazi ya sabuni. Hizo ni za daktari. Mja mzito na anayenyonyesha wamwulize mkunga au mfamasia kabla ya kuanza, na watoto wadogo wasipakwe bila ushauri.

Binti wetu sasa hutumia barakoa ya 5%, mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia Jumapili. Mume ameizoea harufu ya dakika kumi. Pete ilirudi kwa sonara, na siku hizi hulala ndani ya kisanduku chake kila kopo linapofunguliwa.